Elimu Bila Ada, Pengo Bila Jina: Namna Insha ya Sosholojia Inavyopata Dai Linalopimika

"Ukosefu wa usawa ni tatizo kubwa linaloathiri elimu nchini Tanzania." Mhadhiri wa sosholojia hukutana na sentensi ya aina hii katika kila rundo la insha analosahihisha. Haina kosa la sarufi, wala haisemi uongo. Kasoro yake ni kwamba hakuna atakayeibishia, na hakuna takwimu yoyote inayoweza kuonyesha kuwa si kweli. Kwa sababu hiyo kurasa zinazofuata hukosa kazi ya kufanya. Zinataja umaskini, zinataja umbali wa shule, zinataja mimba za utotoni na uhaba wa vitabu, kisha zinaiomba serikali ichukue hatua.

Pembeni mwa sentensi hiyo mwalimu huandika kwa wino mwekundu: "Nani? Kuliko nani? Katika nini? Umejuaje?"

Mwanafunzi anayejibu maswali hayo kwa uaminifu hugundua kwamba si suala la kuipamba sentensi yake. Anatakiwa kuchagua jambo moja kati ya mengi, na kulisema kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuja na ushahidi akamwambia kwamba amekosea. Hilo la pili ndilo linalowatisha wengi. Wamezoea kudhani kwamba hoja nzuri ni ile isiyoweza kupingwa, kumbe katika sosholojia hoja isiyoweza kupingwa haijasema kitu.

Aina tatu za sentensi zinazofanana

Kabla ya kuingia kwenye mfano wenyewe, ni vizuri kutenganisha sentensi za aina tatu ambazo wanafunzi huzichanganya.

Ya kwanza ni hukumu ya kimaadili: "Si haki mtoto wa mkulima asome kwa shida kuliko mtoto wa mkurugenzi." Mwandishi ana haki ya kuiamini, na huenda ndiyo iliyomfanya achague mada. Lakini hakuna hojaji itakayoipima, kwa kuwa haizungumzii jinsi mambo yalivyo bali jinsi yanavyopaswa kuwa.

Ya pili ni taarifa: "Kabla ya mwaka 2016, ada ya sekondari ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na shilingi 70,000 kwa shule za bweni." Hiyo inathibitika, lakini ikishathibitika mjadala umekwisha. Insha haiwezi kusimama juu yake.

Ya tatu ni dai. Dai linasema kwamba jambo fulani linatokea kwa kundi fulani zaidi ya kundi jingine, na kwa sababu fulani, ilhali wapo watu makini wanaoamini sababu nyingine. Linaweza kuwa kweli au si kweli, na jibu halijulikani mpaka ushahidi utazamwe. Insha ya sosholojia inahitaji sentensi ya aina hii ya tatu.

Ada ilipofutwa

Sentensi ile ya mwanzo sasa ipelekwe mahali mahususi. Mwishoni mwa mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Wazazi walibaki na jukumu la sare, madaftari na mahitaji mengine ya mtoto, lakini ada yenyewe iliondoka.

Tukio hilo ni zawadi kwa mwandishi wa insha. Watu wengi waliamini, na bado wanaamini, kwamba kizuizi kikuu kati ya mtoto wa maskini na elimu ya sekondari kilikuwa fedha inayolipwa shuleni. Kama ndivyo, kizuizi kikiondolewa pengo linapaswa kupungua. Mwanafunzi anaweza basi kuandika sentensi ya pili: "Kufutwa kwa ada mwaka 2016 hakukuondoa ukosefu wa usawa katika elimu ya sekondari."

Imepiga hatua. Ina mwaka, ina tukio, ina ngazi ya elimu. Bado ina maneno mawili yanayoweza kumponyoka mwandishi. Neno "hakukuondoa" ni rahisi mno: sera gani duniani imewahi kuondoa tofauti zote? Na "ukosefu wa usawa" haujasemwa ni wa nini. Ni wa kuandikishwa kidato cha kwanza? Kufika kidato cha nne? Kufaulu? Aina ya shule? Kila swali kati ya hayo lina jibu lake, na majibu yanaweza kupingana.

Hapa nadharia inasaidia, mradi isiletwe kama pambo. Mwaka 1993 Adrian Raftery na Michael Hout walichapisha utafiti kuhusu elimu nchini Ireland kati ya mwaka 1921 na 1975. Ireland nayo ilifuta ada za sekondari, mwaka 1967. Watafiti hao walikuta kwamba kufutwa kwa ada peke yake hakukupunguza tofauti za kitabaka katika kupanda ngazi za elimu. Tofauti zilianza kushuka pale tu ambapo watoto wa tabaka la juu walikuwa wameshaingia ngazi hiyo karibu wote, nafasi zilizoongezeka zikakosa watu wengine wa kuzijaza isipokuwa watoto wa tabaka la chini.

Mwaka 2001 Samuel Lucas, akitumia takwimu za wanafunzi wa sekondari wa Marekani, aliongeza jambo jingine. Ngazi fulani ya elimu ikishakuwa ya wote, alisema, familia zenye uwezo haziachi kutafuta faida. Huitafuta ndani ya ngazi hiyohiyo, kwa kuwaweka watoto wao katika masomo na mikondo yenye thamani zaidi. Idadi ya walio shuleni inaweza kulingana huku wanachokipata kikiwa tofauti kabisa.

Wazo la Lucas linampa mwandishi wetu mwelekeo. Kama ada imefutwa na watoto wengi wamo darasani, basi swali la kuvutia si nani ameingia bali nini kinawatofautisha wakiwa ndani. Na katika Tanzania kuna jambo moja ambalo kila mzazi analijua. Shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari, karibu kila somo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Familia yenye kipato humpeleka mtoto shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, nyingi zikiwa za binafsi na za kulipia, mtoto akafika kidato cha kwanza akiwa ameshasoma sayansi na hisabati kwa lugha hiyo kwa miaka saba. Ada ya sekondari imefutwa, lakini faida ilishanunuliwa mapema, ngazi ya chini.

Sentensi ya tatu inazaliwa: "Baada ya ada kufutwa, faida ya kipato cha familia katika sekondari za serikali hupitia kwenye lugha ya kufundishia."

Hilo tayari ni dai, na ni dai lenye wapinzani. Wapo watakaosema lugha ni kisingizio, na kwamba kinachowapa watoto hao ushindi ni vitabu vya nyumbani, tuisheni na wazazi waliosoma. Wapo watakaosema tatizo ni uhaba wa walimu, ambao ungemwumiza mtoto hata kama angefundishwa kwa lugha gani. Kwa upande mwingine wapo wanataaluma kama Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ambao kwa miaka mingi wameandika kwamba lugha ndiyo kiini. Mwandishi ameingia kwenye ubishi wa kweli. Kilichobaki ni kuonyesha namna ya kuupima.

Neno "ufaulu" linavyoficha mambo

Makosa mengi hutokea kwenye kipimo, tena kwenye neno ambalo kila mtu anadhani analielewa. Magazeti yanaposema ufaulu wa kidato cha nne umepanda, huwa yamejumlisha wote waliopata daraja la kwanza mpaka la nne. Anayepata sifuri pekee ndiye aliyeshindwa.

Daraja lenyewe hupatikana hivi. Kila alama ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Baraza la Mitihani, NECTA, hujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Akipata jumla ya 7 mpaka 17 ana daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Jumla ikiwa ndogo, matokeo ni mazuri.

Tatizo la kwanza linaonekana mara moja. Mwenye daraja la nne anahesabiwa kuwa amefaulu, lakini kwa kawaida hawezi kuchaguliwa kidato cha tano, kwa kuwa huko hutakiwa angalau alama ya C katika masomo matatu. Inawezekana basi ufaulu wa watoto wa maskini ukapanda mwaka hadi mwaka kwa sababu wengi wametoka sifuri kwenda daraja la nne, wakati nafasi yao ya kuendelea na masomo haijasogea. Mwandishi akipima kwa "ufaulu" atasema pengo linafungwa. Akipima kwa daraja la kwanza mpaka la tatu anaweza kukuta liko palepale. Wote wawili watakuwa na takwimu sahihi.

Tatizo la pili linaligusa dai letu moja kwa moja. Ndani ya yale masomo saba yanayojumlishwa, mara nyingi Kiswahili kimo. Daraja linachanganya somo linalofundishwa kwa Kiswahili na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, likatoa namba moja. Anayetaka kujua athari ya lugha akatumia daraja kama kipimo atakuwa amechanganya kile anachokitafuta na kile ambacho angekilinganisha nacho.

Kwa hiyo ni lazima ashuke mpaka kwenye masomo. Ukurasa wa matokeo ya shule katika tovuti ya NECTA unamruhusu kufanya hivyo, kwa kiasi fulani. Kila mstari una namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, daraja, kisha orodha ya masomo na alama zake: CIV, HIST, GEO, KISW, ENGL, BIO, B/MATH na mengineyo. Mtu akikaa na ukurasa mmoja wa shule ya kata ataona mambo ambayo daraja halisemi. Atawaona watahiniwa waliopata C ya KISW huku HIST, GEO na BIO zote zikiwa F. Watoto hao wana uwezo wa kusoma kifungu, kukielewa na kukijibia maswali. Walifanya hivyo katika somo moja.

Kuna tahadhari moja kwa anayelinganisha miaka. Madaraja hayajapangwa kwa namna ileile siku zote. Katikati ya muongo wa 2010 Tanzania ilitumia kwa muda mfumo wa wastani wa pointi, kisha mwaka 2016 ikarejea kwenye madaraja ya zamani. Kabla ya hapo, matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalifutwa baada ya watahiniwa wengi kupita kiasi kupata sifuri, yakapangwa upya. Mwandishi anayechora mstari kutoka mwaka 2012 mpaka 2018 bila kulitaja hilo anaweza kuwa anapima mabadiliko ya kanuni, wala si mabadiliko ya watoto.

Dai likitabiri kitu

Dai zuri humlazimisha mwenye kulitoa kutabiri. Kama ni kweli kwamba lugha ndiyo njia ambayo faida ya familia hupita, ni kitu gani kingeonekana ambacho kisingeonekana kama njia ingekuwa nyingine?

Jibu limo katika orodha ile ya masomo. Mtoto aliyetoka mchepuo wa Kiingereza na mwenzake aliyetoka shule ya Kiswahili wanakaa darasa moja la sekondari ya serikali ya kutwa. Walimu ni walewale, vitabu ni vilevile. Kama faida ya yule wa kwanza ni lugha, pengo kati yao linapaswa kuwa pana katika Historia na Biolojia, na jembamba katika Kiswahili. Kama faida yake ni vitabu vya nyumbani, chakula kizuri, tuisheni na wazazi wanaofuatilia, hakuna sababu pengo lipungue sana kwenye Kiswahili. Mtoto mwenye nafasi ya kujisomea nyumbani ataitumia kwa kila somo.

Mfano wa namba, wa kubuni kwa ajili ya maelezo tu, unaonyesha jinsi ya kusoma matokeo. Wanafunzi wa mchepuo wawe na wastani wa pointi 2.6 katika Historia, na wenzao 3.6. Pengo ni pointi moja kamili. Katika Kiswahili wale wa kwanza wawe na 2.4 na wenzao 2.6. Pengo ni 0.2. Tofauti kati ya mapengo hayo mawili, yaani 0.8, ndiyo inayolingana na utabiri wa lugha. Lakini kama katika Kiswahili wa kwanza wangekuwa na 1.8 na wenzao 2.8, pengo lingekuwa pointi moja tena, sawa na kwenye Historia. Hapo dai la lugha limeanguka, na mwandishi anapaswa kulisema hivyo kwenye insha yake.

Angalia kilichotokea. Mwandishi hakuhitaji kupima "ukosefu wa usawa" kwa ujumla. Alihitaji masomo mawili, makundi mawili ya watoto na swali moja: pengo linabadilika tukihama kutoka somo moja kwenda jingine? Somo la Kiswahili linafanya kazi ya ulinganisho ambayo vinginevyo ingedai jaribio la gharama kubwa.

Kinachokosekana katika ukurasa wa NECTA ni habari ya shule ya msingi aliyotoka kila mtahiniwa. Hilo lazima liulizwe. Mwanafunzi wa chuo mwenye barua ya utambulisho na kibali cha mkuu wa shule anaweza kupeleka hojaji fupi kwa kidato cha nne cha shule moja au mbili. Ni maswali manne: ulisoma shule ya msingi ya lugha gani, mzazi au mlezi wako amesoma mpaka ngazi gani, unasoma tuisheni, na matokeo yako ya upimaji wa kidato cha pili yalikuwaje kwa Historia, Biolojia na Kiswahili. Majina hayaandikwi. Swali la elimu ya mzazi lipo kwa sababu maalumu: linamwezesha mwandishi kulinganisha watoto wa wazazi waliosoma kiwango kimoja, ili asije akaiita lugha kitu ambacho kwa kweli ni elimu ya mzazi.

Mitego iliyofichika

Mpango huu unaweza kuharibika kwa njia ambazo hazionekani mpaka mtu aanze kazi. Mitatu inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Mtego wa kwanza humnasa anayeona hojaji ni usumbufu. Anachukua kurasa za matokeo za shule hamsini, anatafuta wilaya zenye shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza, anakuta sekondari za wilaya hizo zinafanya vizuri zaidi, kisha anahitimisha kwamba wanafunzi waliotoka mchepuo hufanya vizuri zaidi. Mwaka 1950 William Robinson alionyesha hatari ya hatua hiyo kwa kutumia sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Katika ngazi ya majimbo, penye wahamiaji wengi waliozaliwa nje ya nchi palikuwa na wasiojua kusoma wachache. Mtu angedhani wahamiaji walijua kusoma kuliko wenyeji. Alipotazama mtu mmoja mmoja alikuta kinyume chake: wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma, ila walikuwa wamehamia katika majimbo ambako wenyeji wengi walikuwa wamesoma. Wilaya yenye shule nyingi za mchepuo mara nyingi ni ya mjini, yenye walimu wengi, umeme na maktaba. Huenda wanaoipandisha ni watoto wengine kabisa. Dai linalohusu watoto linahitaji takwimu za watoto.

Mtego wa pili uko ndani ya darasa lenyewe. Watoto waliotoka mchepuo wa Kiingereza na kuishia shule ya kata si sampuli ya kawaida ya watoto wa mchepuo. Wengi wa wenzao wameendelea na sekondari za binafsi, au wamechaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kibaha. Waliobaki huenda ni wale ambao mzazi alipoteza kazi au biashara ilianguka. Hali hiyo inaweza kulifanya pengo lionekane dogo kuliko lilivyo nchini. Mwandishi hawezi kuirekebisha kwa hojaji moja, lakini anaweza kulipunguza dai lake: lizungumzie sekondari za serikali za kutwa tu, lisijitanue mpaka "elimu ya Tanzania".

Mtego wa tatu ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu unaweza kumpa mwandishi ushindi asioustahili. Kiswahili ni somo ambalo watahiniwa wengi hufaulu. Kama karibu darasa zima lina C na kupanda, hakuna nafasi ya pengo kuonekana, hata kama lipo. Wembamba wa pengo utatokana na urahisi wa mtihani badala ya lugha. Tena watoto wa mchepuo huenda wana Kiswahili hafifu cha darasani, kwa kuwa walikisoma kama somo moja tu, na hilo nalo litalibana pengo. Dalili ya mtego huu huonekana kwa kutazama mtawanyiko wa alama kabla ya kukokotoa wastani. Alama za Kiswahili zikiwa zimerundikana sehemu moja na za Historia zimetawanyika kuanzia A mpaka F, ulinganisho una kasoro. Dawa mojawapo ni kutumia alama za asilimia za mtihani wa majaribio wa shule, ambamo mwenye 71 na mwenye 52 hawaonekani sawa. Nyingine ni kuongeza utabiri wa pili.

Utabiri huo wa pili unahusu muda. Kama kikwazo ni lugha, kinapaswa kuwa kikubwa zaidi mwanzoni, mtoto anapotoka tu darasa la saba, na kupungua kadiri anavyoizoea lugha. Pengo la Historia katika upimaji wa kidato cha pili lingekuwa pana kuliko la kidato cha nne kwa watoto walewale. Maneno "watoto walewale" ni ya lazima. Kati ya kidato cha pili na cha nne wapo wanaokariri darasa na wapo wanaoacha shule, na mara nyingi ni wale waliokuwa na shida zaidi. Ukilinganisha darasa zima la kidato cha pili na darasa zima la kidato cha nne, pengo litapungua kwa sababu waliokuwa nyuma hawapo tena kuhesabiwa.

Dai lilivyo sasa

Baada ya safari hiyo, sentensi ya kwanza ya insha inasomeka hivi:

"Katika sekondari za serikali za kutwa, ambako ada ilifutwa mwaka 2016, wanafunzi waliotoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza huwazidi wenzao waliotoka shule za Kiswahili kwa pengo kubwa zaidi katika masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza kuliko katika somo la Kiswahili, hata tunapolinganisha watoto wa wazazi wenye kiwango kimoja cha elimu, kwa hiyo sehemu ya faida ya kipato cha familia iliyobaki baada ya ada kufutwa hupitia kwenye lugha ya kufundishia."

Ni ndefu, na mwandishi anaweza kuigawa mara mbili. Urefu wake hautokani na kupiga maneno. Kila kipande kinajibu swali moja kati ya yale ya wino mwekundu. Nani: waliotoka mchepuo. Kuliko nani: wenzao wa darasa hilohilo. Katika nini: pengo la alama kati ya aina mbili za masomo. Umejuaje: kwa kulinganisha mapengo na kudhibiti elimu ya mzazi. Neno "sehemu" nalo limewekwa makusudi. Halisemi kwamba lugha ni kila kitu, kwa hiyo mpinzani anayetaja tuisheni hawezi kuliangusha kwa kuonyesha tu kwamba tuisheni nayo inasaidia. Atalazimika kuonyesha kwamba tuisheni inalifuta pengo lote, na katika hojaji kuna swali litakalomjibu.

Insha nayo hujipanga yenyewe kutokana na dai hili. Sehemu ya kwanza inaeleza kufutwa kwa ada na wazo la Lucas, kwa aya mbili au tatu. Ya pili inaeleza kipimo, na kwa nini masomo badala ya daraja. Ya tatu inaleta matokeo. Ya nne inampa mpinzani nafasi yake yenye nguvu zaidi, yaani hoja kwamba Kiswahili ni mtihani mwepesi, na kuijibu kwa mtawanyiko wa alama na kwa utabiri wa muda. Mimba za utotoni, madawati na umbali wa shule hazimo. Ni mambo mazito, na kila moja linaweza kuwa insha yake, lakini hayasaidii kujua kama dai hili ni kweli.

Matokeo yakija kinyume, mwandishi hana haja ya kuanza upya. Pengo la Kiswahili likiwa pana sawa na la Historia, tena alama zikiwa zimetawanyika vya kutosha, insha inabaki na jambo la kusema: katika shule alizozitazama faida ya familia haikupitia kwenye lugha, na maelezo ya Qorro na Brock-Utne hayatoshi kueleza tofauti zilizomo ndani ya darasa moja, hata kama yanaeleza kwa nini darasa zima linapata shida. Wanafunzi wote wanaweza kuumizwa na Kiingereza kwa kiwango kinachokaribiana huku tofauti kati yao ikitoka kwingine. Hapo dai jipya litahusu tuisheni au elimu ya mzazi, na majibu ya maswali hayo mawili tayari yamo katika hojaji zilizorudi.

Idadi ya hojaji hizo iandikwe wazi. Darasa la watoto 120 likiwa na wanne tu waliotoka mchepuo, wastani wa kundi hilo utayumba kwa alama ya mtoto mmoja, na mwandishi afanye mojawapo kati ya mambo mawili: aongeze shule, au aseme kwamba ushahidi wake ni wa kuashiria tu na ageukie mahojiano na hao wanne, akiwauliza ni katika somo gani, na katika mada gani, walianza kuona kwamba wanaelewa kitu ambacho jirani yao wa dawati hakielewi.